Onyo kwa Asiyeitika

Nilipokuwa afisa utumishi wa kiwanda cha samaki, nilichukiwa kwa jambo moja: sikukubali mtu aadhibiwe kwa haraka. Wasimamizi waliingia ofisini kwangu wamevimba, wakitaka barua ya kufukuza iandikwe hapo hapo wakiwa wamesimama. Niliwaambia wakae, kisha niliwauliza swali lililowaudhi kuliko tusi: "Ulizungumza naye kwanza?" Wengi hawakuwa wamezungumza. Walikuwa wamefoka tu, na kwao kufoka kulikuwa ndiyo mazungumzo.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, viwanda vya minofu vilipochipuka kando ya ziwa pale Mwanza kama uyoga baada ya mvua. Watu walitoka Igoma, Kiseke na hata vijiji vya mbali, wakasimama getini tangu alfajiri wakiomba kibarua. Kwa sababu ya foleni ile, wenye mali waliona mfanyakazi ni kitu cha kubadilisha tu, huyu akisumbua anaingia yule. Mimi nilikuwa mkaidi. Nilikuwa nimejifunza kazi yangu katika shirika la umma kabla halijauzwa, na nilijua kwamba mtu asiyeambiwa kosa lake huwezi kumlaumu kwa kulirudia. Niliandika hatua za nidhamu kwa Kiswahili cha kueleweka, nikazibandika karibu na kabati la mabuti: kwanza mazungumzo, kisha onyo la mdomo, kisha onyo la maandishi baada ya kusikilizwa. Mtu mmoja akachora samaki juu ya karatasi ile. Nikabandika nyingine.

Mama ninayemkumbuka leo alikuwa wa meza ya kukata minofu. Asili yake ni visiwani Ukerewe, mjane, ana watoto watatu na mama mkwe asiyeona, na kisu chake ndicho kilichokuwa ugali wao wote. Hakuwa mchelewaji wala mgomvi. Ila msimamizi wake, kijana mrefu wa Kirumba mwenye sauti ya kuuza dagaa sokoni, alikuja kwangu akisema mama huyu anamdharau.

"Nikimwita hataki kuitika," alisema. "Naita jina lake, kimya. Wenzake wananitazama. Mpaka niite tena ndiyo anajifanya kusikia. Mwandikie barua."

"Ulizungumza naye kwanza?"

Akanywea. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wengine: mwite pembeni, si mbele ya meza nzima, mwambie unachokiona, muulize kuna nini, sikiliza, mkubaliane cha kurekebisha. Hiyo si adhabu na haiingii kwenye faili kama onyo. Lakini andika tarehe na mlichokubaliana, mistari miwili mitatu kwa ajili yako mwenyewe, kesho usije ukasema hukumbuki. Aliondoka akinung'unika kwamba kiwanda hiki kimegeuka shule ya chekechea.

Ili ieleweke, lazima niseme ukumbi ule ulivyokuwa. Kila kitu kilikuwa cheupe: vigae, makoti, mabuti, kofia, na kitambaa cha kufunika mdomo, kwa hiyo kila mtu alionekana macho tu. Mvuke wa barafu ulitambaa sakafuni. Kati ya ukumbi na mapokezi ya samaki kulikuwa na mapazia mazito ya plastiki yaliyokwisha kuwa na ukungu, na msimamizi alisimama upande wa pili wa mapazia yale, kwenye gati, akiita watu waje kusaidia kupokea mzigo. Sauti ilipita, mwitaji hukumwona. Mapazia yalitikisika hata pasipokuwa na mtu, na mimi, niseme ukweli, sikupenda kusimama karibu nayo.

Mazungumzo yalifanyika. Mama aliitikia kwa kichwa, akasema atajitahidi, na msimamizi akaandika mistari yake. Wiki iliyofuata samaki wa mitumbwi miwili walikaa juani kwa sababu msimamizi aliita mara moja, akageukia mizani, na mama hakutokea. Hapo hata mimi sikuwa na la kumtetea. Mazungumzo yalikuwa yamefanyika, jambo limerudiwa, hatua inayofuata ni onyo la mdomo.

Nilimwita ofisini pamoja na msimamizi wake. Alisimama mpaka nilipomwambia akae.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamsomea kilichotokea, nikamuuliza ana maelezo gani. Alitazama dirisha langu, ambalo lilielekea ziwani, kisha akayaondoa macho pale upesi.

"Sina," alisema.

"Husikii vizuri? Tukupeleke hospitali?"

"Nasikia vizuri sana, mwanangu. Hiyo ndiyo shida."

Msimamizi alicheka. Mimi sikucheka. Nami nimelelewa kando ya ziwa hili. Bibi yangu alikuwa akitukataza kuitika tukiitwa na mtu tusiyemwona. Binadamu akikuhitaji atakuita tena, alisema. Kile kisicho na miguu huita mara moja tu, na ukikiitikia umekionyesha njia. Hatukuruhusiwa hata kulizungumza jambo hilo jua likiwa limezama. Nilijua papo hapo kwa nini mama yule alikuwa hana maelezo. Lakini kujua kwangu si ushahidi, na maneno ambayo mtu hakuyasema siwezi kumwekea mdomoni. Niliandika alichosema, neno kwa neno: ameulizwa sababu, amesema hana, ameulizwa kuhusu masikio, amesema anasikia vizuri sana na hiyo ndiyo shida. Nikaandika kosa, nikaandika kinachotakiwa, kwamba aitike mara tu anapoitwa, na kwamba onyo litadumu miezi sita, baada ya hapo halitahesabiwa. Onyo linaitwa la mdomo, lakini lisipoandikwa ni upepo. Nilimsomea lote, nikamwambia kutia sahihi maana yake ni kwamba amesomewa, si kwamba amekubali.

Alishika kalamu akaiweka tena chini. "Kwa hiyo nikiitwa mara ya kwanza, niitike."

"Ndiyo, mama."

"Mmeniambia ninyi."

"Tumekuambia sisi."

Akatia sahihi. Tangu siku ile aliitika kila alipoitwa, "Abee!" ya haraka na ya juu, kama mtu anayerukia maji ya baridi. Msimamizi alifurahi. Mimi nilimwona anakonda.

Kisha ikaja asubuhi ambayo umeme ulikatika. Siku zile umeme ulikuwa unakatika ovyo, lakini kwa kawaida jenereta iliwaka kabla mtu hajamaliza kulalamika. Siku ile jenereta ilikataa. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja, na ukumbi ule ambao siku zote watu walizungumza kwa kupiga kelele ukawa kimya kabisa. Nilikuwa ofisini, nikasikia hata barafu ikipasuka. Halafu nikasikia mama yule akisema, peke yake, kwa sauti safi, "Abee!"

Aliweka kisu mezani, akapita mapazia, akatoka mpaka mwisho wa gati, akasimama pale akitazama magugu maji yaliyokuwa yamefunga ghuba nzima usiku wa kuamkia siku ile. Umeme ulirudi, mkanda ukaanza kusogeza samaki, nafasi yake ikawa tupu, minofu ikarundikana, na mkaguzi wa ubora akaikataa. Msimamizi alimkuta bado amesimama pale gatini. Msimamizi mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anarudi. Asubuhi yote alikuwa Mwaloni, soko la samaki kule Kirumba, akibishana na wenye mitumbwi.

Safari hii alikwenda moja kwa moja kwa meneja. Meneja alikuwa mtu mtaratibu, mkavu wa maneno, aliyeletwa na wenye mali wapya kutoka Dar es Salaam, na ziwa aliliona kama bwawa la kampuni. Aliniita akanitaka niandae barua ya kumaliza kazi.

"Ana onyo la mdomo tu, bosi," nilisema. "Na lile ni la kutoitika. Hili ni la kuondoka mahali pa kazi. Ni makosa mawili tofauti, huwezi kuyapanga moja juu ya jingine kama matofali. Tukithibitisha, tunaweza kufika kwenye onyo la maandishi. Na hata hilo, si kabla hajasikilizwa."

"Atasema nini? Ameonekana."

"Ndiyo hilo la kumuuliza."

Akasema niwahi basi. Siku hiyo hiyo nilimkabidhi mama barua ya tuhuma: ameondoka mezani bila ruhusa, siku ile, saa ile, minofu ikaharibika. Ilimweleza siku ya kikao, kwamba ana haki ya kuja na mwenzake au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, na kwamba anaweza kuleta mashahidi. Nilimpa muda wa kujiandaa. Aliikunja barua akaitia ndani ya buti. "Wakinitoa hapa," alisema, "sijui nitamwambiaje yule bibi asiyeona." Nilikuwa na la kumjibu, nikalimeza, maana mwandishi wa kikao hapaswi kuahidi.

Tulikaa alasiri, katika chumba cha chakula. Meneja aliongoza kikao, kwa kuwa anayelalamika hawezi kuwa ndiye anayeamua. Msimamizi alikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa mama pamoja na katibu wa tawi, fundi mzee wa mitambo ya barafu. Mimi nilikuwa mwisho wa meza na karatasi zangu. Nje, wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka majini kama moshi wa shamba linaloungua, nguzo kubwa ikija polepole kuelekea kwetu, na mwanga wa chumba ukawa wa kahawia.

Meneja alisoma tuhuma. Msimamizi alieleza alichokiona, na alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi. Kisha mama akaulizwa.

"Niliitwa," alisema. "Nimeonywa niitike. Niliitika."

"Nani alikuita?" meneja aliuliza.

"Sikumwona."

"Msimamizi wako alikuwa Mwaloni."

"Ndiyo. Nilijua hayupo." Alitazama mikono yake. "Nilijua, bosi. Lakini niliambiwa nikiitwa niitike, na nina watoto. Nikiitika nakufa labda. Nisipoitika wanakufa njaa kwa hakika."

Katibu wa tawi aliomba mashahidi wa mezani waitwe, mmoja mmoja. Nilikuwa nimewatenganisha makusudi: mmoja alisubiri getini kwa mlinzi, mwingine alikuwa bado ukumbini. Wa kwanza, mwanamke wa Kisukuma mwenye mwili na kicheko, aliingia bila kicheko.

"Asubuhi ile umeme ulipokatika," katibu aliuliza, "kuna mtu aliita?"

"Yupo."

"Alimwita mama huyu?"

"Hapana," alisema. "Aliniita mimi."

Meneja akaniangalia. Nikaendelea kuandika. Msimamizi alitaka kusema jambo, katibu akamwinulia kiganja. Shahidi wa kwanza akatoka kwa mlango wa nje, wa pili akaletwa kwa mlango wa ndani, hawakuonana. Alikuwa binti wa Kiislamu aliyezaliwa mjini, familia ya mafundi cherehani, asiye na habari za visiwani. Aliulizwa maswali yale yale kwa maneno yale yale.

"Nilisikia jina langu," alisema, na akaanza kulia. "Nikadhani ni marehemu baba. Nikakaa kimya, nikasoma dua."

"Wamepanga hawa," msimamizi alisema, lakini kwa sauti ndogo, na soko la dagaa lote lilikuwa limemtoka kooni.

Wadudu walifika. Waligonga vioo kwa wingi, laini, kama mvua isiyo na uzito, na chumba kikaingia giza la jioni ilhali jua lilikuwa bado juu. Mtu akawasha taa. Taa ikawaka kidogo, ikafa, na mashine za ukumbini zikanyamaza kwa pamoja kama siku ile.

Katika kimya kile niliitwa.

Ilitoka upande wa gati. Haikuwa sauti ya kutisha; ilikuwa sauti ya mtu anayekufahamu. Iliniita kwa jina la utotoni, ambalo alilitumia bibi yangu peke yake, na bibi alikuwa amezikwa kabla sijaanza shule ya sekondari. Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilitamani kuitika, na yote mawili yalikuwa jambo moja. Nikauma midomo. Niliona katibu wa tawi ameinamisha kichwa. Msimamizi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Binti alijiziba masikio. Mama alikaa wima, ametazama mbele, midomo imekaza, na machozi yakimtiririka. Hakuitika.

"Naam?" alisema meneja.

Alisema kama mtu yeyote anavyoitika akiitwa. Alisogeza kiti, akasimama, akasema, "Samahani kidogo," akafungua mlango akatoka kuelekea gatini. Hakuna aliyemzuia. Hata leo sijui kama tulikuwa na uwezo wa kumzuia.

Tulimsubiri. Nguzo ya wadudu ilipita, mwanga ukarudi, mashine zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Meneja alirudi akitembea polepole, wadudu wamemjaa mabegani, viatu vyake vimelowa mpaka juu ya vifundo vya miguu. Alikaa. Hakujipangusa.

"Hakuna mtu," alisema.

Ndipo mama akazungumza, kwa upole, kama anavyosemeshwa mgeni aliyekosea njia.

"Bosi, ungesubiri uitwe mara ya pili."

Meneja alitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa ile barua ya tuhuma. Niliona macho yake yakipita kwenye maneno ya kuondoka mahali pa kazi, yakarudi, yakapita tena. Kisha akaniuliza, kwa adabu ambayo sikuizoea kwake, taratibu zinataka nini sasa.

Nilimwambia: uamuzi, na sababu zake. Akaamua. Tuhuma haikuthibitika kuwa kosa, kwa kuwa mfanyakazi alifuata agizo alilopewa katika onyo. Onyo la mdomo nalo likafutwa, kwa kuwa sababu ya kutoitika sasa imetolewa na imesikilizwa. Msimamizi aite watu akiwa anaonekana, naye aite mara mbili. Msimamizi alisema sawa kabla hajaulizwa. Nilisoma muhtasari wote kwa sauti ili kila mmoja arekebishe penye kosa. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba mwenyekiti aliitika na kutoka kikaoni ilhali waliokuwamo hawakumwona mtu aliyemwita, meneja aliinua mkono.

"Hilo liondoe."

"Bosi, kama ni kosa nitaliondoa," nilisema. "Nimekosea wapi?"

Alivuta karatasi akatia sahihi. Mama alitia yake, katibu akafuata, msimamizi akawa wa mwisho. Nilimwambia mama atapata nakala yake kesho asubuhi, na ya onyo lililofutwa pia, likiwa na mstari wa kufuta na tarehe. "Nitamsomea bibi," alisema. Alirudi ukumbini. Kupitia kioo nilimwona msimamizi akishika mapazia ya plastiki na kuyasogeza kando, uso wake wote uko wazi, akaita jina lake. Mama aliendelea kukata. Akaita tena.

"Abee," alisema, na akaenda kupokea samaki.

Kabla ya kufunga ofisi nilipeleka nakala ya muhtasari kwa meneja. Mlango wake ulikuwa umerudishwa, taa inawaka, na chini ya mlango niliona kivuli cha miguu yake, imesimama karibu sana. Nikapiga hodi. Kimya. Kivuli hakikusogea. Nilikaa pale na karatasi zangu mkononi, nikisikiliza pumzi zake upande wa pili wa ubao, kisha nikakumbuka, nikapiga hodi tena.

"Karibu," alisema.